Ile 1 ya sekanti ilitoka wapi? Mwana wa jirani alinifunga mdomo

Mi natoa repetisio ya hesabu hapa Katindo, Goma, jioni kwa baraza ya nyumba, watoto wa segonderi wanakuja wanne watano wakiwa na kaye zao, tablo yangu ni kipande cha tripleksi nilikipaka nyeusi na unga wa batri za zamani. Siku moja tulikuwa tunapita kwa integrali za trigonometria, tukafika kwa sekanti. Nikafanya vile nilifundishwa. Nikaandika hii:

```
∫ sec x dx = ∫ sec x · (sec x + tg x)/(sec x + tg x) dx
           = ∫ (sec² x + sec x tg x)/(sec x + tg x) dx
           = ln|sec x + tg x| + C
```

Nikageuka nikasema mmeona, juu ni derive ya chini, kwa hiyo ni logaritmi, tuendelee. Mwana wa jirani, binti yuko sixième Matfizike, hakuandika. Akaniuliza, "Yaya, iyi sec x + tg x ulijuaje kama ndo unazidisha nayo? Juu ya nini si sec x + sin x?" Nikamwambia ni formula. Akasema, "Formula ndo majibu. Mi nauliza ilitoka wapi."

Nilinyamaza bwana. Miaka yote, toka niko mwenyewe sixième, nilijua ile kitu kwa kichwa kama namba ya telefone, mwalimu wetu aliandika "tunazidisha na 1" tukacheka juu kuzidisha na 1 ni bure, tukakopi, kwa interogasio nikapata pointi zangu zote nikasahau. Kumbe sikujua kitu. Nikamwambia ngoja mpaka siku ya posho (jumamosi), nitakujibu.

Usiku ule umeme haukuwepo, nikakaa na lampe, nikaanza na swali lake mwenyewe. Juu ya nini si kitu kingine. Kwanza nikajiuliza sisi tunatafuta nini kabisa. Kama jibu litakuwa logaritmi ya kitu fulani, tukiite u, basi derive ya ln u ni u' kugawanya na u. Kwa hiyo tunatafuta u ambayo

```
u'/u = sec x      yaani      u' = sec x · u
```

Tu hivyo. Tunataka kitu ambacho ukikifanyia derive kinarudi chenyewe, kimeongezewa sec x mbele. Ukishapata u kama hiyo kazi imekwisha, na ule mchezo wa kuzidisha na u/u ni kuiandika tu ili jicho lione: sec x kwa u juu, u chini, na juu ni u'. Kwa hiyo ile 1 haina uchawi wowote, uchawi wote (kama upo) uko ndani ya kuipata u. Na hapo ndo mwalimu wetu alituruka.

Sasa u itoke wapi. Nikasema wacha nijaribu na zile ziko karibu. sec x peke yake? Derive yake ni sec x tg x, ukigawanya na sec x inabaki tg x, si yenyewe. (Lakini hapo umepata bure primitiva ya tanjanti, ni ln|sec x|, shika hiyo.) tg x peke yake? Derive yake ni sec² x, ukigawanya na tg x unapata sec² x juu ya tg x, si yenyewe pia. Nikaziandika mbili moja juu ya ingine:

```
(sec x)' = sec x · tg x
(tg x)'  = sec x · sec x
```

Nilikuwa nimeziona hizi mara mia lakini kila moja kwa ukurasa wake, sijawahi kuziweka pamoja nikaziangalia. Ukiziangalia pamoja utaona zote mbili ziko na sec x mbele, kama vile kodi ya njia. Toa hiyo kodi ukaangalia kinachobaki: sekanti imekuwa tanjanti, tanjanti imekuwa sekanti. Wamebadilishana nafasi! Ni kama jirani wawili kwa parsele moja, kila ukifanya derive mmoja anahamia kwa mwingine, mwingine anahamia kwa huyu, na kila mmoja analipa sec x kwa mlango.

Sasa mtu mmoja mmoja ukimfuata utampoteza, juu anahama. Lakini ukihesabu watu wote wawili pamoja, parsele haijabadilika, yuko A na B, kisha B na A, jumla ni ile ile. Ndo juu ya nini jumla:

```
(sec x + tg x)' = sec x · (tg x + sec x)
```

Ni yenyewe na kodi mbele. Ndo u yetu. Nilikaa hapo nikacheka peke yangu, mama watoto akauliza kuna nini, nikamwambia sekanti.

Siku ya posho binti akaja, nikamwonyesha. Nilidhani atafurahi, yeye akauliza swali la pili ambalo mi sikuwa nimejiuliza: "Sasa ikiwa ni kuchanganya tu, labda kuko mchanganyo mwingine, sec x na tg x mara mbili, ao mara tatu?" Nikampa choki nikasema jaribu wewe. Akaandika sec x + k·tg x, akafanya derive, akapata sec x mara (tg x + k·sec x). Akasimama. Nikamwambia sasa unataka ile iko kwa mabano ikuwe sawa na ile ya mwanzo, imezidishwa na namba fulani c. Akalinganisha: kwa upande wa sekanti k lazima ikuwe c, kwa upande wa tanjanti 1 lazima ikuwe c mara k. Kwa hiyo k mara k ni 1. k ni 1 ao −1, hakuna ya tatu.

Hapo hata mi nilijifunza. Mara mbili haiwezi, mara tatu haiwezi, na ile sec x + sin x aliyouliza mwanzo haiwezi kabisa juu sinusi haiko ndani ya ule mchezo wa kubadilishana, derive yake ni kosinusi, anatoka parsele anaenda kulala kwingine. Lakini k = −1 inaweza, inatupa sec x − tg x, ambayo derive yake ni −sec x mara yenyewe. Kwa hiyo jibu lingine la integrali yetu ni −ln|sec x − tg x|. Shika hiyo pia, itarudi.

Nikafikiri kazi imekwisha, lakini kaka yake mkubwa ambaye yuko anasoma jeografia alikuwa anatusikiliza, akasema mambo ya sekanti yalianzia kwa ramani. Na ni kweli, na hii sehemu ndo ilinibadilisha kichwa, juu mi nilidhani mtu fulani mwenye akili nyingi alikaa akaona ile sec x + tg x ikitoka hewani. Haikuwa hivyo hata kidogo.

Mwaka wa 1569 Gerard Mercator, mtu aliyezaliwa Rupelmonde, leo ni Ubelgiji, alitoa ile ramani ya dunia ambayo mpaka sasa mnaiona kwa kuta za shule. Ni ramani ya watu wa meli: wanataka wakichora mstari mnyoofu, ikuwe ni kushika busola upande mmoja bila kugeuza. Sasa dunia ni mviringo, ukipanda kutoka ekweta kwenda latitudo x, duara la pale limekuwa dogo, limezidishwa na kosinusi ya x. Lakini ramani inachora maduara yote upana sawa. Maana yake pale umevuta upana mara 1/cos x, yaani sec x. Na ukivuta upana bila kuvuta urefu pembe zinaharibika na busola inakudanganya, kwa hiyo sherti uvute na urefu mara sec x ile ile. Kila hatua ndogo ya kupanda kaskazini inavutwa mara sec x yake, na umbali wote kutoka ekweta kwa ramani ni jumla ya hizo sekanti zote. Hiyo jumla ndo integrali yetu, na wakati ule hata neno integrali halikuwepo.

Sisi wa Goma haituhusu sana, tuko karibu 1.7° chini ya ekweta, sekanti yake ni 1.0004, ramani haituvuti hata unywele. Lakini kwa 60° ni 2 kamili, ndo maana nchi za barafu zinaonekana kubwa kuliko Congo yetu.

Edward Wright, Mwingereza, mwaka wa 1599 akatoa kitabu na jedwali ya hizo jumla. Alizipata namna gani? Kwa mkono. Alichukua hatua ndogo ndogo za pembe, akajumlisha sekanti moja baada ya ingine. Nikawaambia watoto tufanye kama yeye, kidogo tu, hatua za 10° kutoka 0 mpaka 60, kila hatua tuchukue sekanti ya katikati. Tukagawana, kila mtoto na kalkulatrisi yake:

```
sec 5°  = 1.0038     sec 35° = 1.2208
sec 15° = 1.0353     sec 45° = 1.4142
sec 25° = 1.1034     sec 55° = 1.7434
jumla   = 7.5209
```

Kila hatua ni 10°, yaani 0.17453 radiani, ukizidisha unapata 1.3126. Kisha nikawaambia sasa wekeni 60° kwa formula: sekanti ni 2, tanjanti ni 1.7321, jumla 3.7321, ln yake ni 1.3170. Hatua sita tu na tumekosea kitu kama 3 kwa elfu. Mmoja alipata 1.31 mwingine akapata kitu cha ajabu juu kalkulatrisi yake ilikuwa kwa radiani na yeye anaandika 35, hiyo itawatokea nyote siku moja, mkiona sekanti ndogo kuliko 1 ao negativu kwa pembe ya kati ya 0 na 90 jueni ni mashine iko vibaya, juu kosinusi haiwezi kupita 1, basi sekanti haiwezi kushuka chini yake.

Sasa kisa chenyewe. Karibu mwaka wa 1645 Mwingereza mwingine, Henry Bond, alikuwa na jedwali ya Wright upande huu na jedwali ya logaritmi za tanjanti upande ule (hizo zilikuwepo, watu wa meli na nyota walizitumia kila siku). Akaona namba zinafanana. Jumla ya sekanti mpaka x inalingana na logaritmi ya tanjanti ya 45° + x/2. Hakuwa na sababu yoyote, aliona tu. Jaribu na 60°: 45 + 30 ni 75, tanjanti ya 75° ni 3.7321. Ni ile ile namba yetu! Kwa hiyo jibu lilijulikana kabla ya mtu yeyote kuweza kulithibitisha, na ikachukua zaidi ya miaka ishirini mpaka James Gregory wa Scotland alithibitisha mwaka wa 1668, kwa njia ngumu sana. Kisha mwaka wa 1670 Isaac Barrow, ambaye Newton alirithi kiti chake kule Cambridge, akatoa njia ambayo mtoto wa sixième anaweza kuifuata, na mi naona hiyo ndo ilipaswa kufundishwa kwanza.

Kwa maandishi ya leo ni hivi. Sekanti ni 1/cos x. Hiyo 1 juu haitusaidii, tunataka cos x iwe juu ili ikuwe derive ya sinusi. Basi zidisha juu na chini na cos x:

```
1/cos x = cos x/cos² x = cos x/(1 − sin² x)
```

Weka t = sin x, inabaki ∫ dt/(1 − t²). Na 1 − t² ni (1 − t)(1 + t), unavunja vipande viwili, nusu ya 1/(1 − t) na nusu ya 1/(1 + t), kila kimoja ni logaritmi ya kawaida. Jibu:

```
½ ln[(1 + sin x)/(1 − sin x)]
```

Hakuna hatua hata moja hapo ambayo mtu anashuka na kitu kutoka mbinguni. Sasa angalia vile ule mchezo unazaliwa. Ile nusu mbele inataka ndani kukuwe na karee, basi zidisha juu na chini na (1 + sin x). Juu inakuwa (1 + sin x)², chini inakuwa 1 − sin² x ambayo ni cos² x. Nusu inakula karee, inabaki ln ya (1 + sin x)/cos x. Na 1/cos x ni sekanti, sin x/cos x ni tanjanti. ln|sec x + tg x|. Mtu akishaona jibu limekuwa fupi hivyo, anafanya derive kuhakikisha, anaona sec x mara yenyewe inatoka, anasema kumbe ningeweza kuanzia hapa. Anageuza njia, anafuta nyayo, na sisi tunafundishwa toka mwisho. Mi siwezi kusema ni nani wa kwanza aliyeiandika vile, ila ukiona zile hatua utajua kabisa njia inapita wapi.

Kosekanti nikawaachia wao, juu ni mchezo ule ule na kosekanti na kotanjanti, wanabadilishana nyumba, lakini kodi ni −cosec x:

```
(cosec x)'  = −cosec x · cotg x
(cotg x)'   = −cosec x · cosec x
```

Na hapo ndo watatu kati ya wanne walianguka, waliandika ln|cosec x + cotg x| bila alama ya kutoa, kwa kukopi ile ya sekanti. Sikuwaambia ni kosa. Nikawaambia hesabuni eneo kutoka 60° mpaka 90°. Kwa 90° ni 1 + 0, logaritmi ni 0. Kwa 60° ni 1.1547 + 0.5774, yaani 1.7321, logaritmi ni 0.5493. Wakatoa, wakapata −0.5493. Nikauliza kosekanti kati ya 60° na 90° ni negativu? Hapana, iko juu ya 1 mahali pote. Basi eneo linakuwaje negativu? Wakaona wenyewe. Jibu ni −ln|cosec x + cotg x|, na vitabu vingine vinaandika ln|cosec x − cotg x|, vingine ln|tg(x/2)|, watoto wanaogopa wanadhani ni vitu vitatu na ni kimoja kimevaa nguo tatu.

Kuna mtego mmoja tu mwingine niliwaonyesha. Integrali ya sekanti kutoka 0 mpaka 180°. Ukiweka kwa formula bila kufikiri: kwa 0 ni ln 1, ni 0, kwa 180° ni ln|−1|, pia 0, jibu 0, safi kabisa. Na ni uongo mtupu, juu katikati kuko 90° ambapo kosinusi ni 0 na sekanti inapanda bila mwisho, hiyo integrali haipo kabisa. Zile alama za thamani kamili zinakuficha shimo. Kabla ya kuweka namba, angalia kama 90° iko ndani ya njia yako.

Wiki mbili baadaye binti alikuwa na interogasio shuleni, na ∫ sec x ilikuwa ndani. Yeye kwa kichwa ngumu akaandika −ln|sec x − tg x|. Mwalimu akapiga mstari mwekundu, sifuri. Akarudi na karatasi amekasirika, nikamwambia mi siendi, enda wewe. Kesho yake akaomba choki akaandika kwa tablo (sec x + tg x)(sec x − tg x) = sec² x − tg² x = 1, kwa hiyo moja ni kinyume cha ingine, na logaritmi ya kinyume ni kuweka alama ya kutoa mbele. Anasema mwalimu aliangalia tablo muda mrefu, akachukua karatasi, akampa 3 kwa 4. Ile moja alikata juu alisahau + C.